Ankara Zilizouzwa na Bado Zikawa Zetu

Shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita Tata, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyemtolea Mungu fungu la kumi la mkopo. Hakukubali kuwa ni mkopo. Mimi nilimwambia, tena mara mbili, akanijibu kwamba masomo yamenipa roho ya kukatisha watu tamaa, kisha akajifunga kitambaa chake cha kichwa cha rangi ya dhahabu akaenda kanisani.

Tata ana kiwanda kidogo cha tishu za chooni mjini Thika, upande wa Kamenu. Nikisema kiwanda, mtu asifikirie mabomba na moshi. Ni godauni moja yenye paa la mabati, na ndani mna mashine inayofungua roli kubwa la karatasi, kuizungusha upya na kuikata vipande vya kawaida ambavyo sote tunavijua. Wanawake, wengi wao kutoka mtaa wa Landless, hupakia vipande hivyo kumi kumi kwenye mifuko. Vumbi la karatasi huwaingia kwenye nywele, na jioni wote huonekana wamezeeka kabla ya wakati.

Mimi nilikuwa mhasibu wake. Nilipomaliza mitihani, baba yangu alisema badala ya kukaa nyumbani nikingoja kazi ya ofisi yenye lifti, niende nikamsaidie dada yake. Tata alinipokea kwa furaha kubwa, kwa kuwa aliamini mshahara wa mtoto wa ndugu si lazima uwe mshahara.

Mteja wetu mkubwa alikuwa supamaketi moja yenye matawi kadhaa, likiwemo la Ruiru. Watu hawa walikuwa hodari wa kupokea mali. Lori letu likifika, meneja wao angetoka kutusalimia kwa mkono. Lakini kulipa, hapo walikuwa watu wengine kabisa. Mkataba ulisema siku sitini. Wao walihesabu siku hizo kwa kalenda ambayo sikuwahi kuonyeshwa. Ikawa tuna ankara za shilingi milioni mbili ambazo hazijalipwa, na huku muuzaji wa karatasi anataka pesa kabla hata ya kupakia roli kwenye gari.

Ndipo Tata akasikia, kutoka kwa mwanamke mwenzake wa chama cha akiba, kwamba kuna kampuni ya fedha Ruiru inayonunua madeni.

"Unauza invoisi kama vile unauza viazi," aliniambia, macho yakimng'aa. "Wewe unapata pesa yako, wao wanangoja hao watu wa supamaketi. Wacha wangoje! Wako na ofisi ya kungojea."

Tulienda. Ofisi ilikuwa ghorofani, yenye viti vya rangi ya machungwa na mashine ya kahawa ambayo Tata aliitazama kwa heshima. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke mchanga, mpole, wa kusema polepole kama anayemlisha mgonjwa. Alitueleza kila kitu na hakuficha neno. Nasema hivi kwa sababu baadaye Tata alitaka sana iwe kwamba tulidanganywa, na hatukudanganywa.

Kampuni ingenunua ankara za milioni mbili. Ingetupa mapema asilimia themanini, yaani milioni moja na laki sita. Humo ingekata ada yake, elfu sitini, na zilizobaki, milioni moja na elfu mia tano arobaini, zingeingia benki kwetu. Zile laki nne za mwisho wangekaa nazo mpaka supamaketi ilipe, halafu watupe. Supamaketi ingeandikiwa barua kwamba sasa ilipe kwenye akaunti ya kampuni ya fedha, si kwetu.

"Na wasipolipa?" niliuliza.

"Wasipolipa ndani ya siku tisini tangu tununue, mtazinunua tena kutoka kwetu," afisa alisema. "Mnarudisha ile advance tuliyowapa, na sisi tunawarudishia invoisi zenu. Iko hapa, Mama, ukurasa wa nne. Tunayo pia ile ingine, ambayo mteja akikosa kulipa ni hasara yetu, lakini ada yake ni karibu mara tatu."

"Tupatie hii ya bei nafuu," Tata alisema bila hata kunitazama.

Kisha afisa akaomba dhamana. Tata alifungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na hati ya shamba lake la Ngoliba.

Lazima niseme kuhusu shamba hilo. Babu alipogawa ardhi yake, aliwagawia wana wake, baba yangu akiwemo, na kwa Tata akasema ataolewa. Hakuolewa. Hakuna aliyerudi kulirekebisha jambo hilo, na baba yangu, ambaye nampenda, alisema ni mila, kwa sauti ya mtu ambaye mila imempendelea. Tata akauza tishu mkononi sokoni miaka mingi, ndipo akanunua ekari mbili Ngoliba, kule kwenye joto na mchanga, mahali ambapo hata mbaazi huota kwa kulazimishwa. Alishachimba msingi wa nyumba ya vyumba viwili. Aliniambia siku moja, tukiwa tumesimama ndani ya msingi huo kama watu walio sebuleni, "Hapa ndio nitazeekea, na hapa ndio mtanizika. Sitaki kuzikwa kwa huruma ya mtu." Mimi ni msichana pia, na baba ana wana. Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Sasa bahasha ile ilikuwa juu ya meza ya watu wenye mashine ya kahawa. Tata aliweka sahihi kwa mwandiko wake wa shule, akanyoosha mkia wa herufi ya mwisho.

Pesa ziliingia siku ya Alhamisi. Ijumaa nikakaa kwenye kompyuta na kuandika yaliyotokea. Benki imeongezeka kwa milioni moja na elfu mia tano arobaini. Gharama ya fedha, elfu sitini, nikaipanga igawanywe katika miezi mitatu ya mkataba. Na upande wa pili, mkopo wa milioni moja na laki sita. Ankara za supamaketi nikaziacha pale pale kwenye orodha ya wadaiwa wetu, milioni mbili kamili, hazijapungua hata senti.

Tata alikuja na chai yake, akasimama nyuma yangu. Hajasomea uhasibu, lakini neno mkopo analitambua hata likiandikwa kinyumenyume.

"Hii mkopo ni ya nani?"

"Ni yetu, Tata."

"Mimi sijakopa! Nimeuza. Karatasi imesema *mauzo*. Kwa nini hawa watu wa supamaketi bado wako kwa list yetu na nimewauza?"

Nilimwambia afikirie ng'ombe. Ukimuuza ng'ombe na mkapatana kwamba akifa kwa mnunuzi utarudisha pesa zote na uchukue mzoga, je, umemuuza? Umemweka rehani tu. Hatari ya kutolipwa bado ilikuwa kwetu yote, na mwenye hatari ndiye mwenye deni. Kwa hiyo ankara ni zetu bado, na pesa tulizopewa ni mkopo uliodhaminiwa na ankara hizo, hata mkataba uitwe mauzo kwa herufi kubwa.

Tata alikunywa chai. Halafu akaja na hoja ambayo sikuitegemea, kwa maana alikuwa ameuliza kwa watu.

"Mhasibu wa yule rafiki yangu wa chama ameniambia hiyo ni contingent. Ni deni ya kama. Kama hawatalipa. Deni ya kama inaandikwa huko nyuma kwa maelezo, haiwekwi hapa mbele kuniaibisha."

Nilimweleza kwamba mambo hayo hutenganishwa. Kama hatari ingekuwa imeondoka kwetu na kubaki kwa kampuni ya fedha, ankara zingefutwa vitabuni, na kijisehemu cha wajibu kilichobaki kwetu tungekipima na kukieleza. Sisi hatukubaki na kijisehemu. Tulibaki nao wote. Nikamwandikia pia maelezo ya nyuma, yenye sharti la siku tisini na dhamana ya mkurugenzi, yaani shamba lake, lakini hayo yalikuwa nyongeza, hayakuwa mahali pa kuficha mkopo.

"Ai, wewe," alisema. "Pesa iko benki, mimi naiona kwa simu, na wewe unaniandikia deni."

Jumapili akatoa shukrani. Kanisa letu lina desturi: mtu akifunguliwa mlango, husimama mbele, akashuhudia, akatoa fungu lake hadharani, na wamama wakapiga vigelegele. Tata alisimama na kitambaa chake cha dhahabu akasema wadeni wake wote wamemlipa kwa siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea Thika tangu Thika iwe Thika. Akatoa laki mbili. Hakutoa fungu la pesa zilizoingia, alitoa fungu la milioni mbili nzima, ikiwa na zile laki nne ambazo hatujaziona na ile elfu sitini ambayo hatutaiona kamwe. Nilimuuliza kwa nini, akasema Mungu hahesabiwi baada ya ada. Mchungaji alimwombea yeye, kiwanda, na, kwa jina, ile supamaketi.

Zilizobaki zilikwenda kwa karatasi, mishahara na malipo ya mashine ya pili, kubwa, aliyoinunua ikiwa imetumika, ili tuweze kuipelekea supamaketi ile mali zaidi. Akaajiri wasichana saba wa kuihudumia.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nikilikumbuka hadi leo hunipandisha hasira. Hakuna aliyewadai wale watu. Tata hakuwadai, kwa sababu alikuwa amewauza. Ilikuwa, alisema, kukosa adabu kudai deni la mwenyewe mpya. Mimi, kwa kuwa waliendelea kuwemo kwenye orodha yangu ya wadaiwa, nilipiga simu ofisi yao ya malipo.

"Madam, nyinyi si mliuza hizo invoisi?" kijana wa huko aliniuliza. "Tuko na barua. Sasa mnadai kama nani?"

Nikampigia afisa wa Ruiru. Aliniambia kwa upole wake kwamba wametuma barua pepe ya kukumbusha na wanasubiri jibu. Nilimuuliza kama hawangeweza kwenda, kukaa pale mapokezi, kusumbua kidogo. Alisema hawana wasiwasi. Bila shaka hawakuwa na wasiwasi! Wasiwasi wao walikuwa wameuweka kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la chuma. Basi supamaketi ile ikawa na deni la milioni mbili ambalo muuzaji aliamini ni la kampuni, na kampuni iliamini ni la muuzaji, na wao wenyewe waliamini, nadhani, kwamba ni zawadi.

Mwezi wa tatu wa mkataba Tata alitaka kuuza ankara nyingine. Nikamwomba kwanza tupite tawi la Ruiru tuone mali zetu zinavyouzwa. Nilikuwa nimeshasikia maneno. Tulipoingia, taa nusu zilikuwa zimezimwa. Rafu za unga zilikuwa tupu, na pale pa mafuta ya kupikia walikuwa wamepanga chupa za siki moja moja, mbele tu, ili ionekane kuna kitu. Tishu zetu zilikuwepo, safu nzima, kwa sababu watu waliokuwa wakija pale kununua unga hawakuwa wakija tena. Keshia alikuwa akikata kucha.

Tata alitembea hadi mwisho wa rafu akagusa mfuko mmoja wa tishu, akaufuta vumbi kwa kiganja.

"Hawa watalipa kweli?" aliuliza.

Nilimwambia sidhani.

"Basi hiyo kampuni imepata hasara. Maskini."

Nilimtazama nikaona hasemi kwa mzaha. Alikuwa anamhurumia kweli yule afisa. Nikamshika mkono, pale pale katikati ya rafu, nikamwambia tena kuhusu ukurasa wa nne. Safari hii alinisikia. Nilijua kwa sababu hakubisha. Alikaa juu ya kreti tupu la soda, akavua viatu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na Ngoliba?"

Machozi yalinijaa, na keshia akatuuliza kama tunanunua kitu.

Barua ilifika siku tisini zilipokwisha, fupi na yenye heshima. Supamaketi haikuwa imelipa. Sisi tununue ankara tena kwa milioni moja na laki sita, na kila mwezi wa kuchelewa utakuwa na riba. Baada ya muda uliotajwa, dhamana ingeuzwa. Kwa vitabu vyangu haikuwa habari. Mkopo ulikuwa umekaa pale tangu Ijumaa ile, ukingoja kuitwa. Nilichobadilisha ni upande wa wadaiwa tu, nikaandika hasara tunayoitarajia, kwa maana watu wa rafu tupu hawalipi. Kodi ya VAT ya mauzo yale tulikuwa tumeshalipa zamani, kwani serikali nayo haingoji supamaketi.

Tata alienda kwa mchungaji. Hakwenda kudai sadaka irudishwe, aliapa hivyo, alikwenda kuuliza tu. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha ofisi akapepea uso kwa barua ile ya madai.

"Nimemuuliza, kama pesa haikuwa pesa, sadaka ilikuwa sadaka? Akaniambia Mungu huangalia moyo. Na mabati ya kanisa waliyonunua nayo yamekwisha kupigwa misumari." Akaikunja barua. "Hiyo kampuni iko na mtu wa kurudia. Iko na mimi. Mimi narudia nani?"

Nilimpa chai.

Habari husafiri haraka katika ukoo wetu kuliko kazi. Wiki hiyo hiyo baba yangu alinipigia simu. Alisema amesikia dada yake ana shida, na kwamba yeye, kwa upendo, yuko tayari kulinunua shamba la Ngoliba kabla wageni hawajalichukua. Akataja bei. Bei ile haikufika hata nusu ya deni, na ilikuwa chini ya aliyonunulia Tata miaka ile ya kubeba tishu mkononi. Nilimwambia baba yangu jambo ambalo sitaliandika hapa, kisha nikaomba msamaha, kisha nikajuta kuomba.

Nilimfikishia Tata ujumbe kwa sababu ulikuwa wake. Nilitegemea atalia. Aliuliza tu mashine kubwa inaweza kuuzwa kwa ngapi.

"Tata, bila mashine kubwa hatuwezi kurudi kwa wateja wakubwa."

"Hao wateja wakubwa wamenisaidia na nini?"

Mtu wa Industrial Area ya Thika aliichukua kwa milioni moja na laki mbili. Zilizobaki tulizikusanya kutoka kwa maduka madogo yanayolipa taslimu, na Tata akauza pikipiki ya kupelekea mali. Wasichana saba wa mashine kubwa walilipwa hadi siku yao ya mwisho. Tata aliwaita mmoja mmoja. Watatu walilia, mmoja akatukana, na Tata akasema huyo wa kutukana ndiye atakayemwita kwanza kazi ikirudi. Haijarudi.

Tulienda Ruiru kumaliza. Niliandika siku hiyo: mkopo umepungua kwa milioni moja na laki sita, benki vivyo hivyo, riba ya kuchelewa gharama. Afisa alitupa ankara zetu zikiwa zimebanwa vizuri kwa klipu, kana kwamba tulikuwa tumezisahau pale, na tukaweka sahihi kwamba tumezipokea. Supamaketi wakati huo ilikuwa mikononi mwa msimamizi wa mahakama, na sisi tulikuwa kwenye orodha yake, mbali sana chini. Kisha akafungua kabati la chuma akatoa bahasha ya kaki.

"Mama, tunashukuru kufanya kazi na wewe," alisema, na alikuwa anasema kweli. "Umelipa vizuri. Ukiwa na invoisi zingine, tunaweza kukupa hata asilimia themanini na tano."

Tata alimshukuru kwa adabu zote. Alifungua bahasha akaisoma hati kutoka juu hadi chini, mbele yake, neno kwa neno, huku afisa akingoja amesimama. Aliiweka ndani ya blauzi, si ndani ya mkoba.

Tulikuwa bado kwenye ngazi simu yangu ilipolia. Alikuwa baba. Alitaka kujua kama Tata ameifikiria ile bei, kwa maana kuna mtu mwingine anamwonyesha shamba zuri Makutano na yeye hawezi kungoja milele. Nilifunika simu kwa kiganja nikamweleza Tata.

"Mwambie imeuzwa," Tata alisema.

Nikamwambia. Baba alishtuka, nikamsikia akisimama kutoka kwenye kiti. "Imeuzwa kwa nani?"

Tata alikuwa amesikia. "Kwangu," alisema.

Nikalirudia. Baba, ambaye hata akishangaa bado ni mtu wa biashara, akauliza ni kwa bei gani. Nilimtazama Tata. Alikuwa ameshika reli ya ngazi kwa mkono mmoja, na mwingine ameuweka juu ya kifua palipokuwa na hati.

"Mwambie mashine moja na wasichana saba," alisema, akaanza kushuka.